Figo za mama zimesinyaa na zinang'aa. Je, zitarudi?

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54. Ana presha ya siku nyingi, na dawa alikuwa anameza akikumbuka. Mwezi uliopita alitapika na kuharisha, akawa anameza vidonge vya maumivu, baadaye akavimba miguu na kuanza kuhema. Hospitali wakakuta kreatinini 742, wakamwanzishia dayalisisi. Ripoti ya ultrasaundi inasema figo ya kulia sm 7.8, ya kushoto sm 8.1, ganda mm 5, zote mbili "zinang'aa kuliko ini, mpaka wa ganda na piramidi hauonekani, hazijajaa maji". Wiki tatu kabla ya hapo kituo kingine kilipima sm 8.7 na sm 8.9. Kaka yangu anasema figo iliyosinyaa hivyo ndani ya wiki tatu ina ugonjwa wa ghafla, na wa ghafla hupona, kwa hiyo wachukue kinyama cha figo ijulikane dawa. Daktari wa figo amekataa kukichukua. Kilichotuchanganya zaidi ni mgonjwa wa kitanda cha pili: naye yuko dayalisisi, ana kisukari cha miaka mingi, lakini figo zake zimeandikwa sm 11. Za mama zitarudi? Tumsikilize nani?*

*Binti*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Figo za mama hazikusinyaa mwezi huu. Zilianza kusinyaa miaka mingi iliyopita bila yeye kuhisi chochote, na sehemu iliyokwisha kugeuka kovu hairudi, iwe kwa dawa, kwa lishe au kwa dayalisisi. Hata hivyo kaka yako usimpuuze. Katika anayoyasema kuna jambo moja la kweli, nitalifikia baada ya kukueleza kilichomo kwenye picha, kwa sababu ukiielewa picha hutahitaji kuchagua wa kumwamini.

Anza na figo nzima ya mtu mzima. Kwenye skrini inaonekana kama umbo la yai refu, kutoka ncha hadi ncha sm 9 mpaka sm 12 hivi, ya kushoto mara nyingi ikiizidi kidogo ya kulia. Katikati pana eneo linalong'aa sana: hayo ni mafuta yanayoizunguka mishipa ya damu na mifereji ya mkojo, na kung'aa kwake ni kwa kawaida kabisa. Kuzunguka mafuta hayo kuna nyama ya figo yenyewe, nayo ina tabaka mbili. La ndani ni piramidi, vijipande vya pembetatu vilivyo vyeusi zaidi. La nje ni ganda, lenye rangi ya kijivu, ambamo ndimo vichujio vya damu vilimo. Figo nzima inakupa ngazi tatu za rangi: nyeupe katikati, nyeusinyeusi kwenye piramidi, kijivu kwenye ganda. Mpimaji mzoefu anaziona ngazi hizo mara tu anapoweka kifaa ubavuni.

Lakini kijivu cha namna gani? Rangi ya ultrasaundi haina kipimo kinachosimama peke yake, kwani mpimaji anaweza kuongeza au kupunguza mwangaza kwa kuzungusha kitufe. Ndiyo maana tunalinganisha figo na jirani yake katika picha ileile. Figo ya kulia imelala chini ya ini, kwa hiyo zinaonekana pamoja. Ya kushoto iko karibu na bandama. Ganda la figo nzima linapaswa kulingana na ini au kuwa jeusi kidogo kuliko ini, na liwe jeusi zaidi kuliko bandama. Likianza kulishinda ini kwa weupe, mpimaji anaandika "zinang'aa kuliko ini", maneno uliyoyakuta kwenye ripoti yenu.

Kinachoing'arisha figo mbovu ni kovu. Mashine hutuma mawimbi ya sauti na kuchora yale yanayorudi. Figo nzima imejaa vijifereji laini vyenye majimaji, sauti inapita bila kukutana na vizuizi vingi, hivyo inarudi kidogo na picha inakuwa ya kijivu. Figo iliyougua muda mrefu imepoteza vijifereji hivyo. Vilivyobaki vimenywea, na nafasi iliyoachwa imejazwa na nyuzi za kovu zilizosukana ovyo. Kila mahali sauti inapokutana na badiliko la namna hiyo, sehemu yake inarudi, kama mwanga wa tochi unavyokurudia usoni ukimulika kwenye ukungu. Kovu hilo likienea hadi kwenye piramidi, ngazi tatu za rangi zinapotea. Figo inakuwa nyeupe moja, ganda halijulikani na piramidi haijulikani. Hapo ndipo ripoti inaposema mpaka hauonekani.

Hapa niseme jambo ambalo hata baadhi ya wanaosoma ripoti hulikosea. Kung'aa peke yake hakuthibitishi kwamba ugonjwa ni wa zamani. Figo iliyopata uvimbe mkali wa vichujio wiki iliyopita inaweza kung'aa kuliko ini, huku ukubwa wake ukiwa wa kawaida au umezidi. Tena kipimo chenyewe kinaweza kudanganya kutoka upande wa pili: ini lenye mafuta mengi linang'aa sana, na figo iliyoharibika ikiwekwa kando yake itaonekana nzuri tu. Kwa hiyo mtu akikuambia "figo zinang'aa, basi zimekufa", muulize zina urefu gani na nyama yake ina unene gani. Ukubwa ndio unaoeleza umri wa ugonjwa.

Figo haina njia ya kusinyaa upesi kwa kovu. Vichujio hufa kimoja kimoja, kila kinachokufa huacha kovu, kovu hukaza na kuivuta figo ndani. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, mara nyingi miaka. Ndiyo sababu figo mbili zilizo chini ya sm 9, na hasa zikishuka chini ya sm 8, nyama ikiwa nyembamba na rangi ikiwa nyeupe moja, zinatupa uhakika ambao kipimo cha damu hakiwezi kutupa. Kreatinini ni taka ambayo figo nzima huitoa kwenye damu, na ikifika 742 inasema figo hazifanyi kazi leo. Haisemi zilianza lini kushindwa. Mtu aliyeanguka wiki iliyopita kwa upungufu mkubwa wa maji anaweza kufika 742, na mtu aliyeugua miaka kumi kimyakimya naye akafika 742. Ukiwaweka wawili hao kwenye ultrasaundi utawatofautisha: wa kwanza atakuwa na figo za sm 11 zenye nyama nene, wa pili atakuwa na za mama yako.

Sasa tuiangalie ripoti yenyewe. Imeandika ganda mm 5, huku ikisema mpaka wa ganda na piramidi hauonekani. Kwa kawaida unene wa ganda tunaupima kuanzia kwenye kitako cha piramidi hadi ukingo wa nje wa figo, na kwa mtu mzima asiye na ugonjwa unakuwa kati ya mm 7 na mm 10. Lakini piramidi zikiwa hazionekani, hakuna pa kuanzia kupima. Mimi nashuku kwamba mpimaji alipima nyama yote, kutoka kwenye mafuta ya katikati hadi nje, akaiita ganda. Nyama yote ya figo nzima ni mm 15 mpaka mm 20. Kama yote iliyobaki ni mm 5, basi hali ni nzito zaidi kuliko neno "ganda" linavyoonyesha. Mnaweza kumuuliza, si kwa ugomvi, alipima kutoka wapi hadi wapi. Jibu halitabadilisha matibabu, ila litamaliza mabishano nyumbani.

Kuhusu zile sm 8.7 zilizogeuka sm 7.8, tofauti hiyo imetoka kwenye mikono ya wapimaji wawili. Figo imelala kwa mshazari mgongoni, ncha ya juu ikielekea uti wa mgongo na ya chini ikienda nje. Ili kupata urefu wake wa kweli, kifaa lazima kilale sawasawa juu ya mshazari huo. Kikienda upande kidogo tu, kinaikata figo pembeni na urefu unaonekana pungufu. Mpimaji makini humwambia mgonjwa avute pumzi ndefu aishikilie, ili figo ishuke chini ya mbavu, kisha hupima mara kadhaa na kuandika urefu mkubwa kuliko yote. Ya kushoto inasumbua zaidi kwa sababu gesi ya utumbo huja mbele yake, hivyo mara nyingi mgonjwa huombwa alalie ubavu wa kulia.

Figo iliyosinyaa ina ugumu wake pia. Kwa kuwa imekuwa nyeupe, na mafuta yanayoizunguka nayo ni meupe, ukingo wake unayeyukia humo. Nimeshasimama nyuma ya wanafunzi walioitafuta figo ya namna hiyo hadi wakakata tamaa, nayo iko mbele yao kwenye skrini. Mmoja ataweka alama ndani ya ukingo, mwingine ataiweka kwenye mafuta ya nje, na hapo tayari mmetofautiana milimita kadhaa kwa figo ileile siku ileile. Tofauti ya karibu sm 1 kati ya wapimaji wawili si ajabu. Kwa hiyo 8.7 na 7.8 mzisome hivi: vipimo viwili, vituo viwili, na vyote vimekubaliana kwamba figo ziko chini ya sm 9. Hata kabla ya kuharisha kwa mwezi uliopita zilikuwa tayari ndogo. Kipimo cha kwanza, ambacho kaka yako anakitumia kama ushahidi, kinampinga.

Kuna pingamizi moja la haki ambalo angeweza kulitoa: watu hawalingani miili. Mwanamke mfupi sana anaweza kuwa na figo za sm 9 zisizo na tatizo lolote, na figo hupungua kidogo kidogo umri unaposogea, hasa baada ya miaka 50. Sm 9 peke yake kwenye karatasi haimhukumu mtu. Lakini figo ndogo ya mtu mfupi inakuwa na nyama nene kwa kadiri yake, na ngazi tatu za rangi zinabaki. Figo za mama zimepungua urefu, zimepungua nyama, zimekuwa nyeupe na zimepoteza mpaka, pande zote mbili kwa pamoja. Mambo manne yakikutana hivyo, ufupi wa mwili hautoshi kuyaeleza.

Mgonjwa wa kitanda cha pili naye ana maelezo yake. Kisukari huanza kwa kuilazimisha figo kuchuja kupita kiasi, na katika miaka hiyo figo hunenepa. Baadaye kovu linapoingia, huanza kupungua kutoka kwenye ukubwa uliozidi, kwa hiyo mtu anaweza kufika dayalisisi na sm 11 zake. Si kisukari peke yake. Ugonjwa wa figo unaoletwa na VVU unaweza kuziacha figo zikiwa kubwa na zinazong'aa sana. Amiloidi, ambapo protini isiyo ya kawaida hujikusanya ndani ya nyama ya figo, hufanya vivyo hivyo. Na ule ugonjwa wa kurithi wa vifuko vya maji huikuza figo mara mbili na zaidi huku kazi yake ikiisha. Kanuni ya ukubwa inaenda upande mmoja tu: figo ndogo zenye kovu zinathibitisha kwamba ugonjwa ni wa zamani, lakini figo za ukubwa wa kawaida hazithibitishi kwamba ni mpya. Kwa hiyo urefu wa figo za jirani usiwape wivu, wala usiwape tumaini la kwamba za mama zingekuwa kubwa angepona.

Nimekuahidi nitafika kwenye ukweli wa kaka yako. Figo iliyochoka kwa miaka mingi inaweza kupigwa pigo la ghafla juu ya ugonjwa wa zamani, na historia ya mama inaonyesha hivyo waziwazi. Alitapika na kuharisha, maji yakapungua mwilini, damu inayofika kwenye figo ikapungua. Katika hali hiyo figo hujitetea kwa kutanua mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kila kichujio. Vidonge vya maumivu vya jamii ya ibuprofeni na diklofenaki huzuia utetezi huo, mshipa unabana, na uchujaji unaanguka. Mtu mwenye figo nzima huweza kuvuka bila hata kujua. Mtu aliyebakiwa na kipande kidogo cha figo kinachofanya kazi huishia mahali alipofika mama.

Kwa hiyo inawezekana kwamba kabla ya mwezi uliopita kreatinini yake ilikuwa chini ya 742, na kwamba sehemu ya anguko hili inaweza kurudi. Ultrasaundi haiwezi kuwaambia ni sehemu kiasi gani. Kitu kimoja tu cha namna hiyo imekiangalia na kukiondoa: "hazijajaa maji" maana yake mkojo haujazibwa njiani na jiwe, uvimbe au kibofu kilichoshindwa kutoa. Hilo ni la kushukuru kulijua mapema, kwa sababu kuziba ni chanzo kinachoweza kuondolewa, na ndicho cha kwanza tunachokitafuta kwa kila mgonjwa wa figo tunayempiga ultrasaundi, ziwe ndogo au kubwa.

Sehemu inayoweza kurudi mtaijua kwa mambo mengine. Tafuteni karatasi za zamani. Mama ana presha ya miaka mingi, kwa hiyo lazima kuna siku alipimwa damu: kliniki ya presha, kabla ya upasuaji, hata alipolazwa kwa malaria. Kreatinini moja ya mwaka jana au mwaka juzi ina thamani kuliko ultrasaundi tatu mpya. Ikiwa ilikuwa 180, daktari anajua kuna nafasi ya kurudi nyuma kiasi. Ikiwa ilikuwa 500, anajua pigo la mwezi uliopita lilimalizia tu. Muulizeni pia mama mwenyewe kama kwa mwaka mmoja au miwili amekuwa akiamka usiku mara kwa mara kukojoa, maana figo zinazoshindwa kuukoleza mkojo hufanya hivyo muda mrefu kabla mtu hajavimba. Upungufu wa damu na homoni ya paratiroidi iliyopanda juu vinaelekeza kulekule kwenye ugonjwa wa zamani, ingawa upungufu wa damu una vyanzo vingine vingi na sitaki muutegemee peke yake.

Wakati huohuo angalieni anachokojoa. Pimeni mkojo wa saa 24 kwenye chombo chenye alama, na mwandike. Mkojo ukiongezeka wiki hadi wiki, na kreatinini inayopimwa kabla ya kila dayalisisi ikaanza kushuka bila ratiba ya mashine kubadilishwa, figo zinaamka kidogo, na daktari anaweza kupunguza vipindi au hata kusimamisha kwa muda huku akimfuatilia. Kwa kawaida tunatoa nafasi ya miezi 3. Baada ya hapo, ikiwa hakuna badiliko, tunalihesabu tatizo kuwa la kudumu. Ila hata akitoka kwenye mashine, atatoka na figo zilezile za sm 8, na hatutarajii zikae naye muda mrefu. Na uamuzi wa kusimamisha usitoke nyumbani. Mwenye figo za namna hii akikatisha dayalisisi bila ushauri, potasiamu inaweza kupanda na moyo ukasimama ndani ya siku chache.

Kuhusu kinyama, daktari wenu amekataa kwa sababu nzuri. Tunachukua kinyama cha figo tunapotaka kujua ugonjwa ambao bado unaweza kutibiwa. Sindano inaingia kwenye nyama ya nje kutafuta vichujio. Kwenye figo yenye nyama ya mm 5, sindano itapata kovu, na chini ya hadubini kovu la presha, la uvimbe wa vichujio na la ugonjwa mwingine vinafanana hata mtaalamu asiweze kusema lilianza na nini. Hatari ya kutokwa damu nayo ni kubwa zaidi: nyama ni nyembamba, mishipa mikubwa iko karibu, presha iko juu, na damu ya mtu ambaye sumu zimejaa mwilini haigandi vizuri. Mngemweka mama kwenye hatari ili kupata jibu ambalo haliongezi hata kidonge kimoja.

Mtauliza, basi chanzo ni nini? Kwa picha hii hakitajulikani kwa uhakika. Presha huharibu figo, na figo iliyoharibika hupandisha presha, kwa hiyo kukuta vyote viwili hakuonyeshi kipi kilitangulia. Picha inasaidia kidogo tu. Figo zikisinyaa sawasawa pande zote mbili, kama zake, tunafikiria ugonjwa wa mwili mzima kama presha, au uvimbe wa muda mrefu wa vichujio. Ingekuwa moja ina sm 7 na nyingine sm 11, tungetafuta mshipa wa damu uliobana upande mmoja, au mkojo uliokuwa ukirudi juu tangu utotoni na kuacha makovu yenye mabonde. Kwa sababu chanzo hakijulikani, nawe na ndugu zako pimeni presha, protini kwenye mkojo na kreatinini. Ultrasaundi kwenu si ya kuanza nayo. Figo inaweza kuwa imeanza kuharibika huku picha yake ikiwa nzuri kabisa.

Kuna swali ambalo hukuliuliza ila litakuja: je, zitatolewa? Kwa kawaida hapana. Akipata figo ya kupandikizwa, huwekwa chini tumboni karibu na nyonga, na hizi za zamani huachwa zilipo. Akiendelea na dayalisisi kwa miaka, figo ndogo kama hizi huanza kuota vifuko vya maji, na mara chache uvimbe mbaya huota humo. Kwa hiyo akiona damu kwenye mkojo au maumivu mapya ya ubavu, hiyo ndiyo sababu ya kurudi kwenye ultrasaundi. Kuzipima kila mwezi kuona kama zimekua ni kupoteza fedha.

Fedha hizo na nguvu hizo ziwekeni kwenye mshipa wa mkono utakaotumika kwa dayalisisi. Ikiwa sasa anatumia mpira wa shingoni, muulizeni daktari lini ataunganishiwa mshipa wa kudumu, na mkono upi umechaguliwa. Tangu leo mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu, wala usiwekewe dripu, hata muuguzi akiwa na haraka. Mwambie kaka yako akae naye siku ya kliniki, na karatasi za zamani za kreatinini azibebe yeye.